Pembe ya monita inang'aa gizani: nirudishe dukani au nivumilie?

Swali: Habari za kazi, fundi. Nimenunua monita mpya ya inchi 27, paneli ya IPS. Usiku nikiangalia filamu, pembe ya chini kulia inatoa mwanga wa njano-njano, na sehemu za giza zina kama mawingu. Muuzaji anasema IPS zote ziko hivyo. Nimebakiwa na siku 5 za kuirudisha. Nitajuaje kama ni mbovu?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Muuzaji hajadanganya, ila amechanganya mambo mawili. Kuna mwanga ambao kila IPS inao, tuuite mng'ao, na kuna mwanga unaovuja kwa sababu monita haikufungwa sawasawa kiwandani. Gizani vinafanana sana. Kinachovitenganisha ni kichwa chako: ukikisogeza, mmoja unahama nawe na mwingine unabaki palepale.

Monita ya aina hii ikionyesha weusi, taa yake haijazimika. Kwa kawaida taa ndogo za LED zimepangwa ukingoni, mwanga wake unapita ndani ya bamba la plastiki angavu, unatandazwa na karatasi nyembamba kadhaa, ndipo unafika kwenye kioo chenye pikseli. Pikseli nyeusi ni pazia lililofungwa huku taa inawaka nyuma yake, na pazia hilo halizibi kila kitu. IPS ya kawaida ina kontrasti ya karibu 1000 kwa 1, yaani mwanga kidogo hupenya hata kwenye monita isiyo na kasoro. Hilo usigombane nalo. Fremu ikibana kioo mahali fulani, au ikiachia upenyo ukingoni, hapo ndipo mwanga unapovuja na kufanya doa lisilohama.

Sasa tuipime. Usitumie filamu, wala video za "skrini nyeusi" za mtandaoni. Video imebanwa ili iwe nyepesi, na sehemu za giza ndizo zinazoumia kwanza: unaona viraka na mawingu ambayo yamo kwenye video yenyewe. Huenda sehemu ya mawingu yako imetoka huko. Simamisha filamu, punguza dirisha lake, kisha liburute kushoto na kulia. Wingu likisafiri na picha, monita haina kosa.

Picha ya kupimia unaitengeneza mwenyewe. Andika mstari huu kwenye Notepad, hifadhi kwa jina `giza.html`, fungua kwa kivinjari, kisha bonyeza F11 ijae skrini nzima:

```html
<body style="background:#000000"></body>
```

Kabla ya kuangalia, iwashe monita kwa nusu saa hivi ipate joto lake la kawaida. Ingia kwenye menyu yake uzime chochote kinachobadilisha mwangaza chenyewe, kama `Dynamic Contrast`, `DCR` au `Local Dimming`. Watu wengi hukosea hapa. Ukiweka picha nyeusi tupu, vitu hivyo hupunguza taa au huizima kabisa, nawe unasema monita ni safi kumbe umeangalia taa iliyozimwa.

Chumba kiwe na mwanga hafifu, kisiwe giza totoro. Funga mapazia, acha taa moja dhaifu nyuma ya monita isiyoakisi kwenye kioo. Ukikaa kwenye giza kamili dakika kumi, macho yanazoea mpaka LCD yoyote unaiona mbovu.

Weka mwangaza unaoutumia kila siku, si 100. Kaa mbele kama kawaida, tuseme sentimita 60 kutoka kwenye kioo. Katika inchi 27, kutoka katikati hadi pembeni kabisa ni kama sentimita 34, kwa hiyo pembe unaitazama kwa mshazari wa nyuzi 30 hivi. Hapo mng'ao wa IPS unajitokeza vizuri. Sasa rudi nyuma hadi mita 1.5. Mshazari umeshuka hadi kama nyuzi 13. Ule mwanga wa njano ukififia sana au ukitoweka, ni mng'ao tu. Rudi tena karibu, inama uso wako uwe mbele kabisa ya pembe ya chini kulia. Mng'ao utakimbia hapo na kuhamia pembe ya juu kushoto, ambayo sasa ndiyo iko mbali nawe. Lakini ukibaki na ulimi wa mwanga unaoanzia kwenye fremu na kuingia ndani, wenye umbo lilelile popote ulipo, huo umevuja.

Usishangae ukikuta vyote viwili pembe moja. Ndiyo hali ninayoiona mara nyingi, na ndiyo inayowapa wauzaji njia ya kuponyokea.

Kama skrini yote ni kijivu kwa usawa, bila pembe mbaya kuliko nyingine, angalia kwanza mipangilio ya HDMI. Kompyuta ikituma masafa finyu ya rangi huku monita inasubiri kamili, weusi wote unapauka. Kwenye kadi za Nvidia mpangilio huo unaitwa `Output dynamic range`, uweke `Full`.

Yale mawingu ni suala la usawa wa mwangaza, na weusi tupu hautoshi kuyaonyesha. Badilisha `#000000` iwe `#0d0d0d`, kijivu cha asilimia 5 hivi, kisha jaribu `#1a1a1a`, asilimia 10. Simama mita 2 nyuma ulegeze macho kidogo, usichunguze kama unatafuta sindano. Tofauti ndogo kati ya kingo na katikati ni ya kawaida. Unachotafuta ni kiraka chenye mpaka unaoonekana, au mistari ya wima iliyofifia ambayo utaiona kila kamera ya filamu inapopita kwenye anga la usiku.

Halafu piga picha ya ushahidi, ila kwa uangalifu. Mimi mwenyewe niliwahi kumpelekea muuzaji picha ya simu ambayo pembe zilionekana kama zinaungua moto. Akacheka, akaipiga picha monita ya maonyesho pale dukani kwa simu yake, nayo ikaungua vilevile. Simu ikiona giza huongeza mwanga yenyewe. Simama mita 1.5, gusa na ushikilie kwenye skrini ya simu ili kufunga mwanga, kisha uushushe mpaka picha ifanane na unachokiona kwa macho. Piga moja ukiwa katikati, nyingine ukiwa umesogea kulia. Picha hizo mbili zikiwa na doa lilelile mahali palepale, hoja ya "IPS zote ziko hivyo" haina nguvu tena.

Mawingu ya katikati wakati mwingine hutokana na kubanwa ndani ya boksi, na hupungua baada ya siku chache za matumizi. Kwa hiyo piga picha leo, piga tena siku ya 4, kwa mwangaza na umbali uleule. Usijaribu kukandakanda kioo wala kulegeza skrubu za fremu kama wengine wanavyoshauri. Alama ya bisibisi inatosha kukunyima garantii. Siku ya 4 doa likiwa bado linaonekana kwenye mwangaza wako wa kila siku, ile taa dhaifu iliyo nyuma ya monita ikiwa imewashwa, ipeleke dukani siku hiyohiyo na boksi lake. Ukiomba wakubadilishie, omba uiwashe ile mpya palepale na faili lako la `giza.html` kwenye flashi.