Chumba cha Bamburi: kinachobaki mfukoni

"Chumba 700,000, kodi 7,000 kwa mwezi. Nitabaki na ngapi kwa mwaka?"

Ndugu, hesabu miezi 10, mpangaji akihama chumba hukaa tupu: 70,000. Tenga 10,000 za marekebisho, maana chumvi ya bahari hula mabati na nondo. Ukiona dari imepasuka na kutoa kutu, muuzaji ashushe bei kwanza. Inabaki 60,000.

Kwenye ushuru ndipo wengi hukosea. Ile 7.5% ya KRA hukatwa kwa kodi uliyopokea, marekebisho hayatolewi, ila ni pale kodi za nyumba zako zote zikifika 288,000 kwa mwaka. Ukiwa umefika, toa 5,250, ubaki na 54,750. Kama una hicho tu, zile 60,000 zinaingia kwenye ritani yako ya mwaka pamoja na mshahara.