Mchoro wa mzunguko wa miamba: mishale yako minne haitoshi, nenda Masasi ukaone

Swali: "Wakuu, nafundisha jiografia kidato cha kwanza hapa Lindi. Nimechora ule mchoro wa miamba, mishale minne tu: kuyeyuka, kupoa, mgandamizo, mmomonyoko. Mwanafunzi kaniuliza mawe ya Masasi yapo mshale gani nikakwama. Nimweleze vipi?"

Mkuu pole, na mimi nilishakwama hapohapo. Nimefundisha Mtwara miaka kadhaa na huo mchoro nimeuchora ubaoni mara nyingi mpaka chaki imenizoea, ila nilikuwa naufundisha kama mduara wa saa, jiwe linatoka hapa linaenda pale linarudi, watoto wanakariri wanafaulu basi. Siku nikawapeleka Masasi kwa basi la shule ndo nikajua nilikuwa nawadanganya nusu.

Kwanza uweke sawa kitu kimoja kabla ya yote. Ndani ya visanduku unaandika vitu, yaani magma, miamba ya moto, mashapo, miamba tabaka, miamba geu. Juu ya mishale unaandika matukio. Mtoto akishachanganya hapo ameisha, atakwambia "magma ni kuyeyuka". Na mshale wa kupoa unatoka sehemu moja tu, kwenye magma, hautoki kwingine. Ukiona mtoto kachora kupoa kutoka miamba geu kwenda miamba ya moto mrudishe, jiwe ambalo halijayeyuka hata lipoe vipi haliwi jiwe la moto.

Sasa twende Masasi. Vile vilima vya mawe unavyoviona vimekaa peke yake kama vichuguu vya majitu, jiwe lake kubwa ni naisi, miamba geu. Shika kipande kilichovunjika freshi utaona michirizi, mstari mweupe mstari mweusi, na vipande vya ulanga vinameta vimelala upande mmoja. Wanafunzi wangu wote walisema "sir hili limeyeyuka likatiririka ndo maana lina mistari". Hapana. Lingeyeyuka kweli likapoa, punje zingekaa ovyo ovyo bila kupangana, kama kwenye graniti. Mistari ni dalili kwamba jiwe lilibaki gumu muda wote, likapashwa joto na kubanwa hadi madini yake yakajipanga upya kufuata mbano.

Hapa ndo mshale wako wa mgandamizo unahitaji kurekebishwa, andika "joto na mgandamizo", usiandike mgandamizo peke yake. Wapigie hesabu ubaoni, wataipenda. Ukishuka chini ya ardhi joto linapanda kama nyuzi 25 hadi 30 za selsiasi kila kilomita moja, kwa wastani wa mabara. Chukua 25. Juu huku Mtwara tuseme ni 27. Kilomita 10 chini unapata karibu 277, kilomita 20 unapata 527. Graniti yenye maji maji ndani yake inaanza kuyeyuka kwenye 650 hadi 700 hivi, kwa hiyo hapo kwenye 527 jiwe lipo kwenye moto mkali na juu yake kuna kilomita 20 za mawe zinalikandamiza, na bado ni gumu. Hilo ndo jiko la miamba geu. Ukizidi hapo ndo unaingia mshale wa kuyeyuka. Halafu ukiona mtoto anaandika "mgandamizo ukizidi jiwe linayeyuka" mkatalie, ni kinyume, mgandamizo ukizidi jiwe kwa kawaida linakuwa gumu zaidi kuyeyuka, sehemu nyingi magma inatokea pale mzigo unapopungua au maji yanapoingia kwenye mwamba wenye joto kali.

Mfano mwingine wa kwenu Lindi ni madini ya kinywe ya Ruangwa na Nachingwea. Yale yalianza kama tope lenye mabaki ya viumbe, tope likafukiwa likawa mwamba tabaka, likazidi kushuka, ile kaboni ikageuka kinywe ndani ya jiwe bila jiwe kuyeyuka. Shika penseli mkononi, ile nyeusi ya ndani ndo kinywe, waambie hii hapa, tope la zamani lililopikwa.

Haya sasa swali la mwanafunzi wako. Kama naisi inapikwa chini huko kilomita nyingi, na ya Masasi ilipikwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, imefikaje juu mpaka mbuzi wanaipanda? Mchoro wako hauna jibu, ndo maana ulikwama, sio kosa lako. Kuna mshale umekosekana, mshale wa kuinuliwa. Ardhi iliinuka polepole huku mvua na mito vikiondoa mawe ya juu, kidogo kidogo, mpaka yale ya chini yakatokeza. Ndo maana mimi nawaambia kilima cha Masasi ni sakafu, nyumba iliyokuwa juu yake imeshabebwa yote.

Imebebwa wapi? Hapo ndo mmomonyoko, na ndo kosa la pili la mchoro, kwa sababu watu wengi mmomonyoko wanauchora unaenda moja kwa moja kwenye miamba tabaka. Mmomonyoko unakupa mashapo tu. Kwenye naisi, madini ya feldispa yanaoza taratibu yanakuwa udongo wa mfinyanzi, madini ya kwatzi hayaozi kirahisi yanabaki mchanga. Mvua ikinyesha Masasi mchanga huo unaingia Lukuledi au Ruvuma, inategemea imemwagika upande upi, unaenda baharini. Ili uwe jiwe lazima utue, ufunikwe na mwingine juu yake, ubanwe, halafu maji yenye madini yagandishe punje. Kwa hiyo weka kisanduku cha mashapo katikati na mshale wa "kutua na kushikamana" baada yake. Ukirudi kutoka Masasi simama pale Ndanda, ukingo wa nyanda za Makonde, uangalie mawe ya mchanga yaliyokatwa na barabara, utawaonyesha punje kabisa, mchanga wa enzi za dinosaria ulioshikana. Na huo nao mvua inauvunja tena sasa hivi, unaona mchanga kwenye mtaro, yaani jiwe tabaka limerudi kuwa mashapo bila kupita kwenye magma wala nini. Usichore mduara, chora njia nyingi zinazokatizana.

Kuna kijana alinibana siku hiyohiyo, akasema "sir, kule Mikindani wanachoma matumbawe kupata chokaa, si ndo kuyeyuka?" Nikacheka ila swali zuri. Kwenye tanuri jiwe la matumbawe haliyeyuki, linatoa hewa ya ukaa na kubaki chokaa hai, ukiimwagia maji inachemka yenyewe. Hiyo ni kazi ya watu, haimo kwenye mchoro. Na matumbawe yenyewe wala hayakutokana na mchanga wa mto, viumbe wa bahari walijenga kwa chokaa iliyomo ndani ya maji ya bahari. Ukitaka kuwaonyesha tofauti chukua ndimu, kwangua jiwe la matumbawe la ukuta wa zamani upate unga kidogo, kamulia, litatoa mapovu. Kamulia jiwe la Masasi, kimya.