Maelezo ya video ya nyuzi 360: mtazamaji anaangalia kwingine

"Wakuu, nimepiga video ya nyuzi 360 pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Nimeshaandika maelezo, lakini watu wakivaa miwani ya VR wanaangalia kwingine kabisa wakati msimulizi anaelezea mtumbwi. Nirekebishe wapi?"

Mkuu, anza kwa kufuta kila "huu", "hapa" na "kulia kwako". Miwani nyingi huonyesha takriban nyuzi 100 kwa wakati mmoja, yaani sehemu kubwa ya soko iko nje ya macho ya mtu. Aliyegeukia mizani akisikia "mtumbwi huu" hajui ni upi, na kulia kwake kumeshahama. Mwelekeze kwa vitu visivyosogea: ziwa, mizani, paa la soko.

Kabla ya kuandika upya, chora duara kama uso wa saa, kamera ikiwa katikati. Tuseme ziwa liko saa 12 na mizani saa 5. Andika pembeni nani yuko wapi kila sekunde, ndipo upange maneno.

Sentensi ya kawaida ingekuwa: "Mtumbwi huu umetoka Ukerewe ukiwa na magunia ya dagaa, ambayo hupimwa kabla ya kuuzwa." Kwenye nyuzi 360 igawe hivi:

Mlio wa injini kutoka ziwani, sekunde 2.
"Injini hiyo ni ya mtumbwi unaoingia, kule ziwani."
Kimya, sekunde 4 au 5.
"Unatoka Ukerewe, na magunia yale ni ya dagaa."
Kimya kifupi.
"Mfuate mchukuzi mwenye gunia begani."
Kimya mpaka afike kwenye mizani. Hapo ndipo uzungumzie kilo na bei.

Kile kimya ndicho watu huogopa, wakakijaza takwimu. Mtu anayegeuza shingo anatafuta, hasikilizi. Ukimtajia Ukerewe wakati huo, jina linapotea. Ndiyo maana maneno lazima yapungue, hata nusu. Yale anayojionea mwenyewe, kama rangi ya mtumbwi, yaondoe bila huruma.

Angalia na sauti. Msimulizi abaki vilevile masikioni popote mtu anapogeukia, ila injini iwekwe kwenye sauti ya pande zote, ambisoniki ya chaneli 4. Ukiitoa kama stirio ya kawaida, mlio utageuka pamoja na kichwa chake na utamdanganya ziwa liko wapi.

Kupima ni rahisi: mkalishe mtu asiyejua video kwenye kiti kinachozunguka, aanze akiwa ameligeuzia ziwa mgongo, nawe uangalie anachokiona kupitia skrini ya simu. Akiufikia mtumbwi baada ya neno "Ukerewe", ongeza kimya; kupandisha sauti ya msimulizi hakutasaidia. Akiufikia mapema kisha akaanza kuzurura, kipunguze.

Jambo la mwisho ni pale unapokata. Tukio likiishia kwenye mizani saa 5, zungusha picha inayofuata ili kitu chake cha kwanza kiwe saa 5 hiyohiyo, la sivyo atafungua macho kwenye ukuta.