Herufi moja imefutika: maswali yenu kuhusu barua za taipu zilizoskaniwa

Wahariri, nina barua ya 1938 niliyoiskani. Cheo cha chifu kinasomeka "S kibobo". Herufi ya pili imebaki kivuli tu. Niirudishe vipi bila kugusa maandishi mengine?
*Msomaji, Mukono*

Chifu wa saza la Kyaggwe huitwa Sekibobo, kwa hiyo e haina mshindani wa karibu. Hata hivyo angalia kama cheo hicho kimetajwa tena chini ya barua, na kimeandikwaje. Siku hizi wengi huandika Ssekiboobo, lakini wewe fuata karatasi: palipofutika pana nafasi ya herufi moja tu.

Nafasi hiyo hupimika. Mashine nyingi za taipu za miaka hiyo huipa kila herufi upana uleule, i sawa na m. Taipu ya pica ina herufi 10 kwa inchi, elite 12. Ukiskani kwa pikseli 600 kwa inchi, chumba cha herufi ya pica kina upana wa pikseli 60, cha elite 50. Hicho ni kipimo cha kuanzia tu, maana karatasi kuukuu hunywea na skana nayo ina makosa yake. Pima kwenye mstari wenyewe: chagua herufi moja, tafuta nyingine kama hiyo iliyo vyumba 40 mbele, upime umbali kutoka ukingo wa kushoto wa ya kwanza hadi ukingo wa kushoto wa ya pili. Tuseme umepata pikseli 2388. Ukigawa kwa 40, kila chumba ni 59.7. Kama chumba cha kwanza cha mstari kinaanzia pikseli ya 402 na e yako ni ya 17, umevuka vyumba 16, yaani pikseli 955, basi chumba chake kinaanzia 1357.

Sasa tafuta e ya kuazima, na itoke kwenye ukurasa huohuo. Wengi hukimbilia e iliyo nzuri kuliko zote, na hapo ndipo kazi huanza kuharibika. Kila mashine ina vilema vyake: tundu la e limejaa uchafu, mkia umekatika, au herufi inakaa juu kidogo ya mstari. Weka e tano ubavu kwa ubavu, uzikuze. Alama inayojirudia kwenye zote tano ni ya mashine, na lazima iwemo kwenye e unayoirudisha. Inayoonekana kwenye moja tu ni ajali ya utepe wa wino au unyuzi wa karatasi. E hiyo iache.

Ukipata e iliyofuatwa na k, umepata dhahabu. Barua za ofisi zilizoandikwa kwa Kiingereza mara nyingi zina neno *week*. Katika programu ya picha ya GIMP, usinakili e peke yake, nakili "ek" pamoja, ubandike kama tabaka jipya juu ya neno lako, `Opacity` ikiwa 50. Sogeza tabaka kwa vitufe vya mishale, pikseli moja moja, hadi k ya juu iifunike k ya chini barabara. E nayo itakuwa imeshajipeleka mahali pake, ikiwa na kilema chake cha kukaa juu au chini. Kisha rudisha `Opacity` iwe 100, uifiche ile k ya kuazima kwa `Layer > Mask > Add Layer Mask`, ukipaka rangi nyeusi juu yake. Hesabu yako ya 1357 sasa inakuwa shahidi: ikiwa chumba cha e kimeangukia pikseli moja au mbili kutoka hapo, sawa, kwa kuwa mashine zenyewe huyumba kiasi hicho. Ikiwa tofauti ni pikseli kumi, hiyo si "ek" inayofaa, au ulihesabu vyumba vibaya.

Kama mstari umepinda, usiuzungushe ukurasa mzima kwa ajili ya herufi moja. Kuzungusha hukokotoa upya kila pikseli na kulainisha kingo za maandishi yote. Zungusha kipande cha kuazima tu, ikiwa kweli mistari miwili imepinda kwa viwango tofauti.

Mwisho, zima na uwashe tabaka lako ukitazama kile kivuli kilichobaki chini. Kila alama ya wino wa zamani iingie ndani ya mistari ya e. Alama ikichomoza nje, kwa mfano kijiti kinachopanda juu ya kichwa cha e, simama: huenda mwandishi aligonga herufi nyingine.

Kwa nini nisiandike tu hiyo herufi kwa fonti ya Courier? Inafanana.
*Msomaji, Kampala*

Courier ilichorwa kwa ajili ya mashine za taipu za IBM katikati ya miaka ya 1950. Ukiiweka kwenye barua ya 1938 umeingiza umbo ambalo halikuwepo duniani. Kingo zake ni laini na wino wake ni sawa kila mahali, ilhali herufi iliyogongwa kwa nyundo kupitia utepe wa kitambaa huonyesha nyuzi za utepe, na mara nyingi upande mmoja hukolea kuliko mwingine.

Nimebandika e vizuri lakini inaonekana ndani ya kimraba cheusi kuliko karatasi. Nikifuta ukingo, kinabaki kivuli.
*Msomaji, Mbale*

Umebandika karatasi pamoja na herufi, na karatasi ya sehemu moja ya ukurasa hailingani rangi na ya sehemu nyingine. Usihangaike na kifutio. Lichague tabaka la kuazima, fungua `Colors > Levels`, chukua kidondoshi cheupe cha kuchagulia rangi, ubonyeze kwenye karatasi iliyo karibu na e. Karatasi ya tabaka hilo itakuwa nyeupe kabisa. Sasa badili `Mode` ya tabaka iwe `Multiply`. Katika hali hiyo cheupe hakibadilishi chochote kilicho chini. Kinachobaki ni wino tu, juu ya karatasi halisi na madoa yake yote.

Wino ukiwa mweusi kupita majirani, punguza `Opacity` hadi 85, kisha 75. Pima kwa `Color Picker`, ukitumia wastani wa pikseli kadhaa, katikati ya kijiti cha k na katikati ya mkunjo wa e, na namba zikaribiane. Ukiwa umepauka, tafuta e nyingine iliyokolea. Usiikoleze kwa kuongeza tofauti ya mwanga na giza, kwa sababu mistari itanenepa na tundu la e litaziba. Msomaji ataiona kama o au c iliyochafuka.

Barua ni ya Kiganda. Kumebaki kitako tu cha herufi, sijui ni l au r.
*Msomaji, Masaka*

Kwenye taipu nyingi herufi hizi mbili zina kitako cha kufanana, kwa hiyo tazama juu. L hupanda hadi urefu wa k na b. R huishia usawa wa a na o. Kabla ya kukata tamaa fungua `Colors > Components > Decompose` ukatenganishe rangi tatu za picha. Doa la kahawia hupauka sana kwenye nyekundu, na wino mweusi hubaki. Nakala ya kaboni ya zambarau huonekana zaidi kwenye kijani. Mara nyingi ncha ya juu ya l hujitokeza hapo.

Isipojitokeza, tahajia ya Kiganda inasaidia: r huja baada ya e na i, kama katika *era*, kwingineko ni l, kama katika *omulimu*. Lakini majina ya kigeni hayafuati kanuni hiyo, na waandishi wa zamani hawakuifuata wote. Pekua ukurasa uone mwandishi wako alikuwa na desturi gani.

Kilichofutika ni tarakimu. Orodha ina Shs. 45/-, Shs. 3 /-, Shs. 60/-, jumla Shs. 141/-. Ni 6, sivyo?
*Msomaji, Jinja*

Hesabu inasema 36, ikiwa aliyejumlisha hakukosea na ikiwa jumla yenyewe haina tarakimu iliyofifia. Neno lina maana ya kukuongoza, tarakimu haina. Kwa maoni yetu, picha iache kama ilivyo isipokuwa kuna mabaki ya wino yanayolingana na 6 na yanayokataa 5 na 8. Kwenye nakala ya maandishi andika 3[6], na pembeni ueleze kwamba umeipata kwa jumla. Kumbuka pia kwamba mashine nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha 1. Walitumia l ndogo. Kwenye 141 yako usizitafute 1 zenye umbo la leo.

Sina karatasi wala picha asilia, ninayo PDF tu iliyotoka kwenye mashine ya fotokopi. Niazime e humo?
*Msomaji, Arua*

Kwanza kuza e mbili ukazilinganishe. Zikilingana pikseli kwa pikseli, faili hiyo imebanwa kwa mbinu ya JBIG2 inayohifadhi umbo moja na kulirudia kila mahali inapodhani ni herufi ileile. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zikibadilisha 6 kuwa 8 kwa njia hiyo. Kwenye faili ya namna hiyo hujui kama unachokiona kiligongwa na mwandishi au kiliwekwa na mashine, kwa hiyo usijenge juu yake. Omba iskaniwe upya kwa rangi, pikseli 600 kwa inchi, TIFF. Ukiweza kufika penye karatasi yenyewe, ilaze kando ya dirisha uimulike kwa tochi kutoka ubavuni: nyundo ya taipu huacha kishimo hata pale wino ulipoisha, ilimradi ni karatasi ya juu na si nakala ya kaboni.

Nikimaliza, nitajuaje kwamba sijagusa sehemu nyingine?
*Msomaji, Fort Portal*

Hifadhi kazi kwa jina jipya kupitia `File > Export As`, TIFF bila kubana, na usipite kwenye JPEG hata mara moja. JPEG hukokotoa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kuacha vumbi kuzunguka kila herufi. Kisha linganisha faili mbili kwa programu ya ImageMagick:

```
magick compare -metric AE asili.tif mpya.tif tofauti.png
```

Namba inayotoka ni idadi ya pikseli zilizobadilika. Chumba cha pica kwenye pikseli 600 kina 60 kwa upana na 100 kwa kimo, jumla 6000, kwa hiyo namba yako isizidi hapo. Ukiona laki kadhaa, umebadilisha rangi au mwelekeo wa ukurasa bila kujua. Fungua `tofauti.png`: wekundu uwe mahali pamoja tu, kwenye herufi uliyoirudisha. Faili ya asili isifutwe, na kando ya ile mpya weka maandishi mafupi yanayotaja mstari, herufi, na ulikoazima.