Mawimbi hayaishi, basi kwa nini tunaandika "sawa na"?

*Shikamoo mwalimu. Nimekata duara la manila vipande 16 nikavipanga kimoja juu kimoja chini kama kitabu kinavyoonyesha. Nimepata kitu kama mstatili, ila juu na chini kuna mawimbi. Kitabu kinasema ukiendelea kukata vipande vyembamba zaidi mawimbi yataisha. Mimi naona hata nikikata milioni bado yatakuwepo, madogo tu. Sasa kwa nini tunaandika eneo ni sawa na πr² na si "karibu sawa na"? (Mwanafunzi, kidato cha pili)*

Marahaba mwanangu. Umeona vizuri, na usikubali mtu akuambie kwamba macho yako yamekosea. Ukate vipande milioni, kila kimoja kitabaki na tao lake mwishoni, na tao ni tao, halinyooki hata likiwa dogo kuliko unywele. Kilichokosewa ni ile sentensi ya "mawimbi yataisha". Hayaishi. Yanayotokea ni mambo mengine, na ndiyo yanayotupa haki ya kuandika "sawa na".

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Ulipokata na kupanga upya hukupoteza manila wala hukuongeza. Kwa hiyo umbo lililo mezani kwako, pamoja na mawimbi yake yote, lina eneo lile lile la duara ulilokata, bila kupungua hata chembe. Ingekuwa hivyo hivyo hata ungekata vipande vinne tu. Ukadiriaji unaingia pale tunapolitazama umbo hilo na kulipa jina la mstatili wenye urefu πr (nusu ya mzingo, kwa sababu nusu ya matao yametazama juu na nusu chini) na upana r. Swali lako basi linakuwa hivi: jina hilo tunalolazimisha linakosea kwa kiasi gani, na kosa hilo linakwenda wapi vipande vikizidi?

Tupime. Chukua duara lenye nusukipenyo cha sentimita 10, likate vipande 16. Kabla ya kuvipanga, kwenye kila kipande weka rula na uchore mstari ulionyooka unaounganisha ncha mbili za tao. Mstari huo nitauita uzi, kwa kuwa umevutwa kama uzi wa upinde. Sasa kila kipande kimegawanyika sehemu mbili: pembetatu ndefu nyembamba, na kofia ndogo iliyobaki kati ya uzi na tao. Mawimbi yako yote ndiyo hizo kofia 16, hakuna kingine.

Pembetatu zenyewe zinashikana bila tatizo. Ukizipanga kichwa juu kichwa chini, upande kwa upande, zinatoa msambamba ulionyooka kweli kweli, na ukikata pembetatu moja ya mwisho katikati na kuhamishia nusu yake upande wa pili, unapata mstatili halisi usio na wimbi lolote. Pima urefu wake. Utapata kama sentimita 31.2, ilhali nusu ya mzingo ni 31.4. Wanafunzi wengi wakiona pengo hilo la milimita 2 hudhani mkasi umekwenda kombo. Hapana, ndivyo inavyotakiwa: rula inapima nyuzi nane, haipimi matao manane. Pima na kimo pia. Hakitakuwa 10, kitakuwa 9.8 na kidogo, kwa sababu kimo cha pembetatu kinaishia kwenye uzi, hakifiki kwenye tao. Sentimita 10 ni ule ubavu wa kipande ulioinama. Ukifanya hesabu kwa desimali zaidi, mstatili huo una eneo la sentimita za mraba 306.15. Nao πr² ni 314.16. Tofauti ni kama sentimita za mraba 8, na hizo 8 ndizo kofia zako 16 zikiwekwa pamoja.

Hebu tuone kofia zinafanya nini tunapoongeza vipande. Vipande vikiwa 8, kofia zote pamoja zina eneo la kama sentimita za mraba 31. Vikiwa 16 ni 8. Vikiwa 32 ni 2. Vikiwa 64 ni 0.5 tu. Kila tunapokata mara mbili zaidi, jumla ya kofia inabaki kama robo ya ilivyokuwa. Sababu yake unaweza kuiona kwa macho: ukigawa kipande mara mbili, kila kofia mpya ina kitako kama nusu ya kile cha zamani, lakini kimo chake kinashuka hadi kama robo. Kwa vipande 8 kofia ina kimo cha milimita 7.6, kwa 16 ni milimita 1.9, kwa 32 ni kama nusu milimita. Nusu mara robo ni moja ya nane, na kwa kuwa idadi ya kofia imeongezeka maradufu, jumla inakuwa robo. Kofia zinaongezeka idadi, ila zinanyauka haraka kuliko zinavyoongezeka.

Hapa nataka tukae kidogo, maana watu wengi husema tu "mawimbi yanakuwa madogo sana kwa hiyo tuyapuuze", na maneno hayo peke yake hayatoshi. Yanaweza kukuletea jibu la uongo. Chora mraba wa sentimita 10 kwa 10. Kutoka kona ya chini kushoto hadi kona ya juu kulia, mstari ulionyooka una urefu wa sentimita 14.14. Sasa badala ya mstari huo panda kwa ngazi: kulia kidogo, juu kidogo, kulia, juu, hadi ufike. Ukiwa na kidato kimoja umetembea 10 kulia na 10 juu, jumla 20. Ukiwa na vidato kumi, bado 10 kulia na 10 juu kwa ujumla, yaani 20. Vidato milioni, 20 vile vile. Kwa macho ngazi imekwisha kuwa mstari ulionyooka, mawimbi hayaonekani, lakini urefu umekataa katakata kuwa 14.14. Aliyepuuza vidato kwa kuwa ni vidogo angetangaza kwamba 20 ni sawa na 14.14.

Tofauti iko wapi? Kidato kidogo kina umbo lile lile la kidato kikubwa, kimepunguzwa tu ukubwa, kwa hiyo uwiano kati ya njia ya ngazi na njia iliyonyooka haubadiliki kamwe. Tao siyo hivyo. Tao dogo si picha ndogo ya tao kubwa, limelala zaidi. Kwenye duara letu, kwa vipande 8 tao linauzidi uzi wake kwa milimita 2. Kwa vipande 16 tao moja lina sentimita 3.927 na uzi wake 3.902, tofauti ni robo milimita tu. Tofauti imeshuka mara nane ilhali idadi imeongezeka mara mbili, kwa hiyo hata ukijumlisha matao yote, pengo linafinywa. Nyuzi zote pamoja zina sentimita 61.23 kwa vipande 8, 62.43 kwa 16 na 62.73 kwa 32, na mzingo wenyewe ni 62.83. Ndiyo maana tunaruhusiwa kutumia nusu ya mzingo kama urefu wa mstatili, ruhusa ambayo ngazi haina.

Bado utaniuliza: pengo linafinywa, ila halifiki sifuri, sasa "sawa" inatoka wapi? Swali hili lilijibiwa na Arkimede wa Sirakuza katika karne ya 3 kabla ya Kristo, naye hakuhitaji kusema kwamba mawimbi yameisha. Yeye alisema eneo la duara ni sawa na la pembetatu mraba ambayo upande mmoja wa pembe mraba ni nusukipenyo na mwingine ni mzingo mzima. Nusu ya r mara 2πr, yaani πr² yetu. Kisha akaonyesha kwamba haliwezi kuwa kubwa kuliko hapo wala dogo kuliko hapo. Likikataliwa pande zote mbili, halina pa kwenda.

Tulifanye kwa duara lako. Zile pembetatu za ndani, ukizirudisha mahali pake, zinatoa umbo la pembe 16 lililokaa ndani ya duara. Chora na jingine kwa nje, pande zake 16 zikigusa duara kila mmoja katikati yake. Hilo la nje nalo ni pembetatu 16, na hizo kimo chake ni sentimita 10 kamili. Eneo lake ni 318.26. Duara limebanwa: ni kubwa kuliko 306.15 na dogo kuliko 318.26. Kwa vipande 64 limebanwa kati ya 313.65 na 314.41.

Sasa aje mtu aseme eneo la kweli ni 313. Haiwezekani, kwa kuwa umbo la pembe 64 lina 313.65 na lote limo ndani ya duara, na kilichomo ndani hakiwezi kukizidi kinachokibeba. Mwingine aseme 315. Haiwezekani pia, kwa kuwa umbo la nje lina 314.41 na linalifunika duara lote. Angalia kwamba hakuna hatua tuliyosema mawimbi yameisha. Tuna vipande 64 tu, na kofia zake zote zipo.

Wa tatu akiwa mbishi atasema 314.1. Huyo kwa vipande 128 atapona, maana umbo la ndani linafika 314.03 tu. Usimwachie. Kata 256, umbo la ndani linafika 314.13, naye ameshapitwa. Kwa kila namba iliyo pungufu ya πr², hata kwa upungufu mdogo namna gani, ipo idadi ya vipande itakayoipita kutoka ndani, kwa sababu jumla ya kofia inabaki kama robo kila tunapokata mara mbili zaidi. Kwa kila namba iliyozidi, ipo idadi itakayoifunika kutoka nje. Namba inayobaki bila kukamatwa na upande wowote ni moja tu, na mbele ya hiyo ndipo tunapoandika "sawa na".

Jambo moja usilidai kwa njia hii: haikuambii π ni ngapi. Uliingia ukiwa tayari unajua kwamba mzingo ni 2πr, na ukatoka na eneo. Ulichothibitisha ni kwamba namba ya kwenye mzingo na namba ya kwenye eneo ni ile ile. Ukitaka thamani yake, inabidi ukokotoe mzingo wa maumbo ya ndani na ya nje, kama Arkimede alivyofanya hadi umbo la pembe 96, akaibana π pande mbili: inazidi 3 na 10/71, ila haifiki 3 na 1/7. Hiyo 3 na 1/7 ndiyo 22/7 unayoitumia darasani, na sasa unaweza kuona kwamba inazidi kidogo: kwa duara lako inatoa 314.29, na umbo la nje la pembe 128, lenye 314.22, linaikamata.