Fundi wa aluminiamu amepitisha tarehe: usimfukuze kabla hamjaandikiana

Dada mmoja anayejenga nyumba za kupangisha Mbeya ameniandikia wiki hii. Fundi wake amechukua malipo ya awali, amekosa tarehe mbili, sasa kila akipigiwa anajibu "kesho naingia saiti". Anauliza amfukuze au amvumilie. Nikamwambia kuna njia ya tatu, na najua inavyouma kwa sababu mwaka jana niliipita mwenyewe nikiwa mkandarasi wa hosteli ya wanafunzi hapa Dodoma.

Hosteli ilikuwa na madirisha 42, tumekubaliana shilingi 400,000 kila moja, jumla 16,800,000. Fundi wa aluminiamu alichukua asilimia 40 mwanzoni, yaani 6,720,000. Siku ambayo madirisha yote yalitakiwa yawe yamefungwa, yaliyofungwa yalikuwa 11. Watu wa jipsamu na rangi walikuwa wamekaa kivulini wananiangalia, na mwenye jengo alikuwa ameshatangaza vyumba.

Nikampigia. "Bosi, usiwe na wasiwasi, tumefika asilimia themanini. Fremu ziko karakana, wiki moja tu."

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea: tunaanza kubishana kuhusu hiyo wiki moja. Mimi nilikwenda karakana na orodha ya madirisha, D1 mpaka D42, na kila dirisha likapata jibu moja tu kati ya haya: limepimwa, profaili imenunuliwa, fremu imeunganishwa, limefungwa, kioo na raba vimeingia. Asilimia themanini yake ilikuwa madirisha yaliyopimwa. Profaili zilizokuwa zimeegemezwa ukutani hazikuwa hata za rangi yetu. Zilikuwa za kazi ya mtu mwingine, na ni wazi pesa yangu ilikuwa imekwenda kumalizia kazi hiyo. Mpaka leo nikipita mtaa ule nashikwa na hasira.

Lakini naye alikuwa na lake. Matundu sita ya upande wa nyuma yalikuwa hayajapigwa plasta, na dirisha la aluminiamu huwezi kulipima kabla ya plasta, maana likikatwa kwa kipimo cha tofali halitaingia. Tukayatenga yale sita na kuandika kwamba ucheleweshaji wake si wa fundi. Ukimbebesha mtu kosa lisilo lake, atalishikilia hilo moja mpaka mwisho na hamtaongea mengine. Kwa hiyo deni lake halisi likawa madirisha 25.

Kabla ya kikao nikafanya hesabu ambayo ndugu zangu wakandarasi wadogo wengi hawaifanyi: je, pesa iliyobaki inaweza kumaliza kazi iliyobaki? Salio lilikuwa 10,080,000. Madirisha ambayo hayajafungwa yalikuwa 31 ukijumlisha yale sita. Profaili, kioo, raba na silikoni kwa bei ya dukani vilikuwa vinakaribia 240,000 kwa dirisha, jumla 7,440,000. Inabaki 2,640,000 ya ufundi. Kazi inamalizika, ila faida yake imeshaliwa. Kama hesabu ingegoma, kusingekuwa na haja ya mpango wowote. Ningevunja mkataba siku hiyohiyo.

Nayo ile "wiki moja" tukaipigia hesabu mezani. Mafundi wake wawili walikuwa wanatoa madirisha mawili kwa siku. Akasema ataongeza wawili, watoe manne. Nikamuuliza mashine za kukatia ziko ngapi. Moja. Basi ni matatu, siyo manne. Madirisha 25 kwa matatu ni siku tisa, ongeza siku tatu za kupata mzigo, ni wiki mbili za siku sita sita. Tukaandika wiki mbili. Tarehe ya kumfurahisha mwenye jengo haina maana kama mashine haiwezi kuifikia.

Karatasi yenyewe ilikuwa kurasa mbili. Wengi wanaandika tarehe mpya tu na kusaini, na hapo wanajinyonga, kwa sababu mtu anaweza kuisoma kwamba umemwongezea muda bure. Sentensi ya kwanza kwenye yetu ilisomeka hivi: "Ratiba hii ni ya kufidia muda uliopotea. Haibadilishi tarehe za mkataba wa awali wala haiondoi haki ya kudai fidia ya ucheleweshaji." Aliisoma mara mbili, akaniangalia, akasaini.

Kisha pesa. Sikumpa shilingi mkononi. Nililipa duka moja kwa moja kwa mafungu mawili, kiasi kikakatwa kwenye salio lake, na ikaandikwa kwamba mzigo ni mali yangu, unakaa stoo ya saiti, na mashine yake inahamia hapo. Hii ndiyo iliyoniokoa kuliko saini. Profaili zikikaa karakana kwake, mteja mwingine akimpigia kelele zinaondoka usiku. Kwa ufundi nikamwekea 50,000 kwa kila dirisha lililofungwa na kuwekwa kioo, analipwa Jumamosi kwa kuhesabu pamoja. Hiyo ni 1,550,000 kwa yote 31, na 1,090,000 iliyobaki ikawa zuio mpaka mwisho. Mtu ambaye faida yake imekwisha ni lazima aone kitu kila wiki, la sivyo atakuacha kimyakimya.

Tukapanga pia yapi yanatangulia: ghorofa ya juu kwanza, kwa kuwa jipsamu ilikuwa inasubiri huko. Na hatua ya kwanza ya ukaguzi haikuwa mwisho wa wiki ya pili, ilikuwa siku ya tatu: mzigo uwe stoo, mashine iwe saiti, mafundi wanne waonekane. Ukisubiri tarehe ya mwisho ndipo ukague, utakuwa umepoteza wiki mbili nyingine. Mwisho tukaandika kwamba akikosa hesabu ya wiki, madirisha aliyobakiza kwenye hesabu hiyo yanapewa fundi mwingine na tofauti ya gharama inatoka kwenye zuio.

Jioni ileile nikampigia picha kurasa zote mbili na kumtumia kwa WhatsApp, naye akajibu "nimeipata, nakubali". Usidharau ujumbe huo. Tanzania tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayotambua kumbukumbu za namna hiyo. Ila karatasi yenye saini bado ndiyo nguzo, na asaini mwenye kampuni, siyo msimamizi wake.

Wiki ya kwanza alitimiza. Wiki ya pili mafundi wawili wakapotea na madirisha manne yakabaki. Jumatatu asubuhi fundi mwingine alikuwa saiti. Mzigo ulikuwepo, kwa hiyo alidai ufundi tu, 110,000 kwa dirisha, yaani 60,000 zaidi ya nilichomtengea yule wa kwanza. Tofauti ikawa 240,000, nikaitoa kwenye zuio. Yale sita ya nyuma fundi wa kwanza aliyafunga mwenyewe baada ya plasta, na kazi ilipokabidhiwa nikamlipa zuio lake, 850,000, pamoja na karatasi ya mchanganuo. Anawaambia watu nilimdhulumu. Sijamjibu, mchanganuo anao.

Kwa hiyo dada yangu wa Mbeya, kesho usimpigie simu. Nenda karakana kwake na orodha, uhesabu kilichopo, kisha piga hesabu ya salio lako kwa bei ya dukani. Ikitosha, nitumie namba hizo nikusaidie kuandika hizo kurasa mbili.