Elfu tatu juu ya mstari, elfu tatu chini ya mstari

Kama ndiyo kwanza umekabidhiwa meza ya mishahara, swali hili litakufikia kabla mwezi haujaisha: "Mimi na mwenzangu tunalipwa sawa, na kila mmoja wetu anatoa elfu tatu zake pembeni. Mbona kodi yake imeshuka kuliko yangu?" Mimi niliulizwa mwezi wa pili kazini, hapa Mombasa, na nikajibu kwa kubabaisha. Yule mama aliyeuliza aliondoka akiamini nimempunja, na hakukosea sana, kama utakavyoona.

Shida inaanzia kwenye neno letu "makato". Ofisini tunaliita kato kila kitu kinachotolewa kwenye mshahara: NSSF, mkopo wa Sacco, mchango wa mazishi, bima. Lakini mbele ya kodi ya PAYE vitu hivi havifanani hata kidogo. Vipo vinavyopunguza mapato kabla kodi haijapigwa. Vipo vinavyopunguza kodi yenyewe ikishapigwa. Na vipo, tena vingi, visivyogusa kodi kabisa. La kwanza nitaliita punguzo la mapato, na la pili nafuu ya kodi. Chukua karatasi, piga mstari katikati, na kwenye mstari wenyewe andika "kodi inahesabiwa hapa". Punguzo la mapato hukaa juu ya mstari, nafuu hukaa chini yake. Karibu makosa yote niliyoyafanya kwenye meza hii yalikuwa ya kuweka kitu upande usio wake.

Tufanye hesabu ya mtu mmoja kwanza. Natumia viwango vya Kenya vya mwaka 2025. Mfanyakazi analipwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Juu ya mstari kuna NSSF asilimia 6, yaani 3,600. SHIF asilimia 2.75, yaani 1,650. Na tozo ya nyumba asilimia 1.5, yaani 900. Jumla ni 6,150. Yanayobaki, 53,850, ndiyo mapato yanayotozwa kodi.

Sasa tunashuka madaraja. Shilingi 24,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, zinatoa 2,400. Shilingi 8,333 zinazofuata zinatozwa asilimia 25, zinatoa 2,083.25. Zilizosalia ni 21,517, nazo ziko kwenye daraja la asilimia 30, zinatoa 6,455.10. Ukijumlisha unapata kodi ya 10,938.35.

Hapo ndipo mstari ulipo. Chini yake tunatoa nafuu ya mtu binafsi, shilingi 2,400, ambayo kila mkazi anayelipa kodi anapewa kila mwezi. Kodi inayokatwa inakuwa 8,538.35.

Itazame vizuri hiyo 2,400. Imeondoka yote, shilingi kwa shilingi, kwenye kodi. Lau ingekuwa punguzo la mapato, ingetolewa kwenye zile 53,850, na mtu huyu angeokoa asilimia 30 yake tu, yaani 720. Ili punguzo la mapato limfae sawa na ile nafuu, lingehitaji kuwa shilingi 8,000. Basi nambari moja ina uzito mmoja juu ya mstari na mwingine chini yake.

Turudi kwa wale wawili wa elfu tatu. Wote wanalipwa 60,000. Wa kwanza, tumwite Bakari, ameamua kuongeza 3,000 kwa mwezi kwenye mfuko wa pensheni uliosajiliwa. Wa pili, Mwanaisha, analipia 3,000 bima ya elimu ya mwanawe.

Mchango wa pensheni ni punguzo la mapato. Kikomo chake ni 30,000 kwa mwezi, na NSSF inahesabiwa humo humo, kwa hiyo Bakari na 6,600 zake bado yuko mbali na ukuta. Mapato yake yanayotozwa yanashuka kutoka 53,850 hadi 50,850. Elfu tatu hizo zilikuwa zimekaa kwenye daraja la asilimia 30, basi kodi inashuka kwa 900. Analipa 7,638.35.

Bima ni nafuu. Lakini hapa kuna mtego unaowakamata wageni: nafuu ya bima si malipo yote ya bima. Ni asilimia 15 ya unacholipa, isiyozidi 5,000 kwa mwezi. Kwa 3,000 za Mwanaisha nafuu ni 450. Analipa kodi ya 8,088.35.

Wametoa pesa sawa, kutoka mshahara sawa, na Bakari ameokoa mara mbili ya Mwanaisha. Ukitoka vitabuni utakuwa umefundishwa kwamba nafuu ni bora kuliko punguzo, na ni kweli kama nambari mbili zinazolinganishwa zinafanana. Hapa hazifanani. Nafuu ya 450 inashindana na punguzo la 3,000, na kwa mtu wa daraja la asilimia 30 punguzo linashinda. Kwa hiyo usimwambie mfanyakazi "hii ni nafuu, ni bora" kabla hujauliza ni nafuu ya shilingi ngapi.

Badilisha mshahara sasa uone. Meneja wa 600,000 akiweka 3,000 hizo hizo kwenye pensheni, zinatoka kwenye daraja la asilimia 32.5, anaokoa 975. Akilipia bima ya 3,000 anaokoa 450, sawasawa na Mwanaisha. Punguzo la mapato hufuata daraja la mtu, kwa hiyo mwenye mshahara mkubwa hupata zaidi. Nafuu haiulizi unalipwa ngapi.

Isipokuwa kwa mtu wa chini kabisa, na hapa nina aibu yangu ya kusimulia. Tulikuwa na bawabu wa 25,000. Makato yake matatu ya juu ya mstari ni 2,562.50, mapato yanayotozwa 22,437.50, kodi 2,243.75. Nikatoa nafuu ya 2,400. Jedwali langu la Excel likaleta -156.25, na kwa vile lilikuwa limeagizwa litoe kodi kwenye mshahara, likatoa nambari hasi, maana yake likamwongezea. Bawabu akalipwa shilingi 156.25 za serikali ambazo serikali haikuzitoa. Nafuu yetu ikizidi kodi, kodi inakuwa sifuri basi, na kilichozidi kinapotea. Hakirudishwi wala hakiwekwi akiba kwa mwezi ujao. (Ndugu zetu walioko Marekani watakwambia kwao zipo nafuu ambazo zikizidi kodi mtu hulipwa taslimu. Ni kweli, lakini si hizi zetu.) Dawa yake ni fomula moja, ambapo D9 ni kodi ya kabla ya nafuu:

```
=MAX(0, D9-2400)
```

Na Mwanaisha? Yule mama wa mwanzo alikuwa na kisa kama chake. Mwezi uliotangulia, mimi, kwa kudhani bima ni kato kama makato mengine, nilikuwa nimeweka 3,000 zake juu ya mstari. Akaokoa 900. Mwezi uliofuata mkuu wangu akaligundua, akairudisha chini, akaokoa 450, na zile 450 za ziada tukazikata tena. Kwake yeye, kodi ilikuwa imepanda bila mshahara kupanda. Kodi ikikatwa pungufu, mwajiri ndiye anayedaiwa na KRA, kwa hiyo mkuu hakuwa na namna ya kulifumbia macho.

Kosa la upande wa pili ni la kimya zaidi, kwa sababu hakuna anayedaiwa isipokuwa mfanyakazi, naye hajui. Tozo ya nyumba zamani ilikuwa chini ya mstari: mtu alipewa nafuu ya asilimia 15 ya alichochangia. Kwa mshahara wa 60,000, asilimia 15 ya 900 ni 135. Tarehe 27 Desemba 2024 sheria ikabadilika, nafuu hiyo ikafutwa na tozo yenyewe ikapandishwa juu ya mstari. Sasa 900 zote zinapunguza mapato, na asilimia 30 yake ni 270. Wengi walisikia "nafuu imefutwa" wakalalamika kwamba wameongezewa kodi, kumbe mtu wa daraja hili imempungukia kwa 135. Ofisi moja ninayoijua ilikaa na programu ya zamani hadi Machi. Kila mfanyakazi wao wa 60,000 alikuwa anapoteza 135 kwa mwezi, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuuliza.

Ukirithi programu au jedwali la mtu mwingine, usianze kusoma fomula moja moja. Tengeneza mfanyakazi wa bandia wa 60,000, kisha ongeza shilingi 1,000 kwenye kisanduku kimoja kimoja huku ukiangalia kodi. Ongeza kwenye pensheni: kodi ishuke kwa 300. Ongeza kwenye malipo ya bima: ishuke kwa 150. Ikishuka 300 kwenye bima, bima imepandishwa juu ya mstari. Ikishuka 1,000, mtu ameweka malipo yote kuwa nafuu, na hilo nimewahi kulikuta. Ongeza kwenye mkopo wa Sacco au mchango wa mazishi: kodi isitikisike hata senti. Hapo ndipo utakapogombana na watu, maana mfanyakazi anayekatwa 10,000 za Sacco haelewi kwa nini anatozwa kodi kwa pesa ambazo hazijapita mkononi mwake. Mwonyeshe mstari. Pesa za Sacco zinatolewa kwenye kilichobaki baada ya kodi, kwa hiyo haziko juu wala chini ya hesabu yetu, ziko nje yake.

Mwaka jana bawabu wetu alikuja na karatasi ya wakala wa pensheni aliyemwambia atoe 1,000 kila mwezi "apunguze kodi". Tukapiga hesabu pamoja. Mapato yanayotozwa yakashuka hadi 21,437.50, kodi ya kabla ya nafuu ikawa 2,143.75, na baada ya nafuu sifuri, ile ile sifuri aliyokuwa nayo. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni, akaniuliza kama Sacco yetu bado inapokea wanachama.